Video tano, zambarau moja: mkataba wa mpiga video na duka la madera, Ngamiani

Niliitwa kusuluhisha kisa hiki wiki moja baada ya Idd el-Fitri. Mwenye duka alikuwa akifunga sita zake za Shawali, kwa hiyo tulikaa kibarazani kwake baada ya futari, mimi, yeye na kijana aliyempigia video. Duka lenyewe ni la madera, mabaibui na kanzu za watoto, chumba kimoja na nusu, katika mojawapo ya zile barabara za Ngamiani mjini Tanga ambazo zimepewa namba badala ya majina. Kijana ninamjua kwa kazi. Tumewahi kushuti harusi pamoja Makorora. Mama simjui sana, ila mke wangu ni mteja wake. Wote wawili walikubali nisikilize, nisome karatasi yao, na nisome ujumbe wao wa simu tangu wa kwanza mpaka wa mwisho. Majina yao nayaacha.

Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja wa daftari, imesainiwa na wote wawili mwishoni mwa Shaabani. Inasema hivi, neno kwa neno:

"Video 5 za duka. Bei 900,000. Kianzio 300,000, baada ya kushuti 300,000, mteja akiridhika 300,000. Marekebisho mara 2. Kazi iishe kabla ya Idd."

Ni mkataba halali. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai karatasi ndefu wala muhuri wa wakili kwa kazi kama hii; inadai watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, hiari yao, malipo halali na lengo halali. Hayo yote yalikuwapo. Ugomvi wao ulitoka ndani ya yale maneno machache, na hasa maneno matatu: "video", "marekebisho" na "akiridhika". Kila mmoja aliyasoma kwa macho yake na kila mmoja alikuwa na sababu.

Nianze na mambo yalivyokwenda. Kijana alishuti siku mbili, tarehe tatu na nne ya Ramadhani. Alilipwa awamu ya pili siku hiyohiyo, bila maneno. Rasimu alikuwa ameahidi kwa mdomo kuileta kumi la kwanza likiisha. Akaileta siku mbili baadaye. Kuanzia hapo maoni yakaanza kuingia. Mama alituma ujumbe wa sauti. Binti yake akatuma wa kwake. Dada wa mama aliyeko Dar es Salaam, ambaye alitumiwa video aione tu, naye akatoa yake. Ndani ya siku nane nilihesabu maombi kumi na manne, mengine yamerudiwa, mengine yanapingana. Kijana alirudi kwenye kompyuta mara tisa. Mara ya tatu alianza kulalamika kwamba marekebisho mawili yamekwisha. Mama akamjibu, na sauti yake ninaisikia mpaka leo jinsi ilivyokuwa ya upole: "Mwanangu, mimi bado hata ya kwanza hujanimalizia."

Kumi la mwisho likaingia. Kwa duka la nguo Tanga, kumi la mwisho ndilo msimu wenyewe. Watu wanashona, wananunua, wanapelekeana nguo za Idd mpaka usiku. Kijana alikataa kutoa video safi zisizo na jina lake katikati mpaka alipwe 300,000 za mwisho. Mama alikataa kulipa mpaka aridhike. Idd ikapita. Yeye hakuwa na video, kijana hakuwa na pesa.

Sasa neno la kwanza, "video tano". Mama alitarajia video tano zilizo mbalimbali: ya madera, ya mabaibui, ya kanzu, ya duka lenyewe na ya salamu za Idd. Kijana alileta video moja ya sekunde 60 na nyingine nne za sekunde 15 zilizokatwa humohumo. Mama alihisi ameuziwa samaki mmoja aliyekatwa vipande. Nilimwelewa. Lakini nilipopanda juu kwenye ujumbe wao, wiki moja kabla ya kusaini, nilikuta kijana amemtumia mfano wa kazi ya duka jingine: ndefu moja na fupi nne, na chini yake ameandika, "Zinakuwa hivi mama, ndefu ya kuweka kwenye ukurasa, fupi za status." Mama amejibu, "Nzuri sana, nataka hivyohivyo." Ujumbe huo una uzito. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, na hata pasipo mahakama, mtu akisomewa maneno yake mwenyewe anayakumbuka. Mama aliyasoma mara mbili, akasema, "Haya, hilo lake." Likaishia hapo.

Ningependa wenzangu wa kazi hii wauone mstari ule uliomwokoa kijana. Hakuuandika kama mkataba. Aliuandika kwa kuwa alikuwa anaeleza kazi kwa mfano. Bahati yake ni kwamba hakuwa amefuta mazungumzo. Lakini kwa nini kitu muhimu namna ile kikae kwenye simu na kwenye karatasi pakaandikwa "video 5 za duka"? Mstari mmoja zaidi ungetosha: moja ya sekunde 60, nne za sekunde 15 kutoka katika picha zilezile, zote za kusimama kwa ajili ya simu, upana 1080 na urefu 1920, maandishi yote yasishuke sehemu ya chini kabisa ambako programu za simu huweka maelezo na vitufe vyake. Hilo la mwisho linaonekana dogo, ila kijana alikuwa ameweka namba ya simu ya duka hukohuko chini, na kwenye TikTok maelezo ya video yaliifunika. Namba ya duka haisomeki katika tangazo la duka.

Neno la pili ndilo lililokula siku nyingi, "marekebisho mara 2". Mara moja ni nini? Kijana alihesabu kila ujumbe wa sauti kuwa marekebisho. Kwa hesabu hiyo mama alitumia haki yake yote siku ya kwanza kabla ya magharibi. Mama alihesabu marekebisho kuwa video imerudi kwake ikiwa imekamilika yote aliyoyasema. Kwa hesabu hiyo haikuwahi kurudi hata mara moja, maana kila ilipokuwa inarudi, tayari kulikuwa na jipya.

Nilichukua daftari, nikachora safu tatu, nikawaambia tuyapange yale maombi kumi na manne moja baada ya jingine. Safu ya kwanza ni makosa: kitu ambacho hakiko kama walivyokubaliana, au si kweli kuhusu duka. Safu ya pili ni mabadiliko: kitu kiko sawa ila mteja anakipenda vingine, na kinaweza kufanywa kwa picha zilizokwisha kupigwa. Safu ya tatu ni kazi mpya: kinahitaji kamera itoke tena mfukoni, au kinaongeza kitu ambacho hakikuwamo. Makosa hayahesabiwi kabisa. Mpiga video anayasahihisha hata yakiwa kumi, bure, kwa kuwa bado hajatimiza ahadi. Mabadiliko ndiyo yanayoingia katika "mara mbili". Kazi mpya ina bei yake.

Mengi yalijipanga yenyewe. Jina la duka lilipungua herufi moja katika video mbili: kosa. Namba iliyofunikwa: kosa. Binti alitaka herufi kubwa zaidi, mama alitaka mabaibui yatangulie kabla ya madera, mwanzo ufupishwe, kipande ambacho ushungi wa msichana msaidizi umeteleza kiondolewe: mabadiliko. Bei ya dera moja ilishuka kutoka 28,000 hadi 25,000 baada ya rasimu, kwa sababu jirani alishusha. Kijana alitaka iwe kazi mpya. Nilimkatalia. Kubadilisha tarakimu katika video tano ni dakika chache na kuzitoa upya; ikija pamoja na mengine ni badiliko kama mabadiliko mengine. Lakini mzigo mpya wa mabaibui ulioingia tarehe kumi na tano, ambao mama aliutaka uonekane, huo hauna picha. Ni kazi mpya hata kama ni siku moja tu ya kushuti. Hali kadhalika ombi kwamba sauti ya binti isome maelezo juu ya video, na video ya sita ya kanzu za watoto pekee.

Mawili yalitusimamisha.

La kwanza ni rangi. Kulikuwa na dera la zambarau, ndilo lililokuwa likiuzika kuliko yote, na katika video lilionekana la buluu. Kijana alisema ni suala la ladha, kwamba ameipa video nzima rangi ya ubaridi kidogo ili ipendeze, na mteja akitaka ukali zaidi ni badiliko. Mama hakujibu. Aliinuka, akaingia ndani, akalileta dera lenyewe na kulitandika mapajani mwangu, kisha akaweka simu juu yake na video ikiwa imesimama kwenye picha ileile. Ilikuwa kitambaa cha zambarau iliyoiva, na juu yake kioo kinachoonyesha dera la buluu ya bahari. Nguo mbili tofauti.

Sababu yake inajulikana kwa kila aliyewahi kushuti ndani ya duka lenye mlango mkubwa. Mwanga wa mlangoni unatoka kwenye anga, mwanga wa ndani unatoka kwenye tyubu, na kamera ikiachwa ijipangie yenyewe inatafuta wastani wa kati ambao hauko sawa popote. Zambarau ndiyo inayoumia kwanza, kwa kuwa imekaa mpakani mwa nyekundu na buluu. Kamera nyingi zinaisukuma kwenye buluu hata mwanga ukiwa mzuri. Dawa ni kuchagua mwanga mmoja, kuzima tyubu au kufunga mlango, kuipimia kamera weupe kwa karatasi nyeupe, na wakati wa kuhariri kuwa na kitambaa chenyewe pembeni ya kioo. Kijana alikuwa amerudi nyumbani na picha tu. Hakuomba hata kipande cha nguo.

Nikasema hili ni kosa, na bado nasema hivyo. Kwa mgahawa rangi ya ukuta ni ladha. Kwa duka la nguo rangi ya nguo ni habari ya bidhaa, sawa na bei. Mteja wa Pangani akiagiza dera la buluu kwa simu akaletewa zambarau, lawama haimwendei mpiga video, inamwendea mama. Kijana alinyamaza kidogo kisha akasema, "Hapo sina neno." Nilimheshimu kwa hilo.

La pili ni wimbo. Alikuwa ameweka wimbo wa Bongo Fleva unaovuma wakati ule. Mama hakutaka muziki mwezi wa Ramadhani, akaomba kaswida. Kijana alisema hakuambiwa mapema, na ni kweli hakuambiwa, kwa hiyo ni badiliko. Ningekubali, ila kuna jambo lililo chini yake: wimbo ule hakuwa na ruhusa ya kuutumia kwenye tangazo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, inamlinda mwenye wimbo, na tangazo la biashara si sawa na mtu anayeimba chooni. Mtandao ungeweza kuinyamazisha video sauti siku yoyote na duka likabaki na picha zinazocheza kimya. Na kaswida nayo ina mwenyewe. Kuwa ni ya dini hakuifanyi kuwa ya bure. Nikaiandika safu ya makosa, kwa sababu aliyeichagua sauti ndiye aliyeiweka kazi hatarini. Hapa kijana hakuridhika nami, na nadhani hajaridhika mpaka leo.

Tulipomaliza, daftari lilikuwa na makosa manne, mabadiliko saba na kazi mpya tatu. Mabadiliko saba, yangekuja kwa pamoja, ni mara moja. Tuseme na mara ya pili ya kuondoa mabaki. Yaani mkataba wao ule wa "mara 2" ulitosha kabisa kwa kazi hii. Kilichoumaliza ni kwamba maoni yalikuja kwa vijiko, kutoka vinywa vitatu, na kijana kila alipopokea kijiko alikimbilia kompyuta badala ya kusema, "Mama, kusanya yote unipe kwa pamoja." Alidhani anaonyesha bidii. Kila mara aliporudi, mama aliona video iliyobadilika kidogo na akili yake ikaona kingine. Hivyo ndivyo macho yanavyofanya kazi, si ukorofi.

Tazama gharama yake. Alipanga siku sita: mbili za kushuti na nne za kuhariri. Kwa 900,000 ni 150,000 kwa siku kabla ya kutoa nauli, msaidizi na bando. Zilikuja kuwa siku kumi na moja, na mfukoni zimeingia 600,000. Hiyo ni chini kidogo ya 55,000 kwa siku, na bado msaidizi hajatolewa.

Neno la tatu, "mteja akiridhika". Hili ndilo ninalotaka wapiga video wa Tanga waliondoe kwenye karatasi zao, na maduka pia waliogope. Theluthi nzima ya bei ilining'inia kwenye hisia ya upande mmoja, bila tarehe. Mama si mtu wa kudhulumu. Lakini mkataba ulimpa kila sababu ya kutoridhika upesi: asiporidhika anaendelea kuboreshewa bure, akiridhika analipa. Na kijana naye, kwa kuwa fungu la mwisho lilikuwa kubwa, alishikilia video kama rehani wakati ambao mwenzake alizihitaji kuliko wakati wowote wa mwaka. Fungu la mwisho lingekuwa dogo, pengine mama angelilipa tarehe ishirini na moja apate video zake akauze.

Malipo yafungwe kwenye tendo linaloonekana, na tendo hilo liwe mikononi mwa yule anayedai. Kusaini ni tendo. Kumaliza kushuti ni tendo. Kukabidhi rasimu inayotazamika yenye jina katikati ni tendo. Ina siku na saa kwenye simu. Kuridhika si tendo. Na anayesubiri jibu apewe kikomo: mteja akikaa siku tatu bila kuleta maoni, rasimu ihesabiwe imekubaliwa. Kwa kawaida ukimya wa mtu haumfungi, kwa hiyo kifungu hicho lazima kiandikwe na kusainiwa mwanzoni. Hakiwezi kuletwa kwa ujumbe wa hasira katikati ya safari.

Na "kabla ya Idd"? Idd hufuata kuandama kwa mwezi. Kazi iliyoahidiwa kabla ya Idd inaweza kukabidhiwa usiku wa kuandama mwezi na mkataba ukawa umetimizwa, wakati duka limeshafunga hesabu za msimu. Mama alimaanisha kabla ya kumi la mwisho. Hakuna aliyeliandika. Tarehe ya kalenda ndiyo iandikwe, ya rasimu kando na ya video safi kando.

Mama alidai fidia ya mauzo aliyokosa. Dai hilo lina mantiki, maana kijana alijua tangu siku ya kusaini kwamba video ni za msimu wa Idd, na hasara ambayo pande zote zilijua inaweza kutokea ndiyo ambayo sheria huitazama. Lakini nilipomuuliza aliuza kiasi gani Idd iliyotangulia, hakuwa na daftari la mwaka uliopita. Na zaidi ya hapo, tarehe ishirini aliombwa aseme kama rasimu imefaa, naye hakujibu siku mbili kwa kuwa duka lilijaa. Kucheleweshwa kulikuwa kwa wote wawili. Kijana naye alikuwa ametaja Mahakama ya Mwanzo. Njia ipo, na kwa deni la namna hii ndiko kunakoanziwa, ila nilimwambia hakimu atauliza mambo yaleyale niliyouliza mimi kibarazani, na dera la zambarau litaletwa mbele yake pia.

Walivyomaliza ni hivi. Katika 300,000 zilizobaki, kijana alisamehe 100,000 kwa ajili ya siku mbili za kuchelewesha rasimu na makosa manne yaliyokuwamo wakati zilipohitajika. Mama akakubali kulipa 200,000. Kijana atasahihisha makosa yote manne na mabadiliko saba kwa mkupuo mmoja, na ataondoa maneno ya Ramadhani ili video zifae Idd el-Hajj, ambayo huja kama siku sabini baada ya Idd el-Fitri. Malipo na video safi vitabadilishana siku moja, mezani, kwa flashi, maana ukituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida programu huibana na ubora unapotea. Mama aliomba pia apewe picha zote zilizopigwa, futeji nzima. Karatasi haikusema. Saa nne za picha alizokuwa nazo ni karibu gigabaiti 180. Simu ya mama haina nafasi hiyo, wala hakuwa na haja nayo zaidi ya hofu kwamba kijana angeziuza. Kijana aliandika mstari mmoja kwamba hatazitumia popote pasipo ruhusa ya duka na atazitunza miezi sita. Hofu ikaisha.

Zile kazi mpya tatu ziliwekewa mkataba wake, shilingi 400,000, na huu niliuandika mimi wakiwa wananisomea kila mmoja anachotaka. Nauweka hapa ulivyo, isipokuwa majina na tarehe:

"1. Kazi: video moja ya mabaibui mapya, sekunde 45, yenye sauti ya binti wa mwenye duka ikisoma maelezo, na video moja ya kanzu za watoto, sekunde 20. Zote za kusimama, 1080 kwa 1920. Kushuti siku moja.

2. Duka litatoa kabla ya kushuti: nguo zenyewe, orodha ya bei iliyoandikwa, jina na namba ya simu kama zitakavyosomeka. Mpiga video atakaa na sampuli moja ya kila rangi mpaka atakapokabidhi.

3. Sauti na muziki: mpiga video ataleta tu sauti yenye ruhusa ya kutumika kwenye tangazo. Duka likileta yake, ruhusa ni juu ya duka.

4. Rasimu itakabidhiwa tarehe ____. Video safi tarehe ____.

5. Maoni yatatoka kwa mwenye duka peke yake, kwa maandishi, yote kwa pamoja, ndani ya siku tatu tangu rasimu. Hiyo ni mara moja. Zipo mara mbili. Makosa yatasahihishwa bila kuhesabiwa. Siku tatu zikipita bila maoni, rasimu imekubaliwa.

6. Mabadiliko ya mara ya tatu na kuendelea ni 20,000 kila mara. Kinachohitaji kushuti tena kitakubaliwa bei kabla ya kuanza.

7. Malipo: 160,000 wakati wa kusaini, 160,000 rasimu ikikabidhiwa, 80,000 wakati wa kukabidhi video safi.

8. Rasimu ikichelewa kwa sababu ya mpiga video, bei itapungua 15,000 kwa kila siku, isizidi 60,000. Duka likichelewa kuleta vitu vya kifungu cha 2, tarehe zitasogea kwa siku zilezile."

Kifungu cha 8 kijana alikichukia mwanzoni. Nilimwonyesha sentensi ya pili, inayomlinda yeye, na kikomo cha 60,000. Kiasi chenyewe nacho tulikiweka kidogo makusudi, kwa kuwa kikiwa kikubwa mno mahakama haifungwi kumpa mdai chote. Itatazama fidia ya haki. Kifungu cha 5 ndicho kilichompa mama shida. Alitaka binti naye awe na haki ya kusema. Nikamwambia aseme, tena sana, ila aseme kwa mama yake.

Wiki tatu baadaye nilipita dukani. Mama alikuwa na daftari la mraba juu ya kaunta, limefunguliwa kwenye ukurasa ulioandikwa "Maoni, mara ya kwanza". Mistari mitano kwa kalamu ya bluu, miwili imekatwa na kuandikwa upya, na pembeni mwandiko mwingine, wa binti, umeongeza swali. Mstari wa kwanza ulisema: "Baibui la kijani ya chupa, nimeliweka pembeni ya simu mlangoni na ndani. Rangi ni yenyewe."

Kijana alikuwa amekwisha kutumiwa 160,000 za rasimu. Zile 80,000 zilikuwa bado wiki moja.